Kenta Inaingia Kreti Ngapi? Kabla Hujamuuliza Dereva, Chukua Ndoo na Mzani

Leo naongea na wewe unayekodi gari kupeleka au kuleta mzigo, iwe peke yako au mnachanga watu wawili watatu. Chukua kalamu, maana kuna hesabu kidogo, ila ni hesabu za darasa la sita tu. Mimi mwenyewe sikusoma zaidi ya kidato cha nne na nimeziweza.

Swali ninaloulizwa sana inbox ni hili: "Kenta inaingia kreti ngapi?" Au, "Gunia ngapi zinaenea?" Na mimi nililiuliza hivyo hivyo siku ya kwanza nilipokodi gari, nikapata jibu ambalo lilinigharimu.

NILIVYOJIFUNZA KWA HASARA

Nilikuwa nachukua soda hapa Mwanza mjini kupeleka dukani kwa jamaa wawili kule Misungwi vijijini, na mzigo mwingine unabaki kwenye kiduka changu cha pili huko huko. Tukakodi Kenta moja, ile Mitsubishi Canter ya bodi ndefu ambayo inajulikana mtaani kama ya tani nne. Nikamuuliza dereva, "Kaka, hii inaingia kreti ngapi?" Akaangalia bodi, akasema, "Mdogo wangu, hii hata mia tatu inameza. Nafasi inabaki."

Na kweli ilimeza. Tulipakia kreti 300, na juu palibaki nafasi. Nilifurahi, maana kukodi ilikuwa shilingi 90,000 kwa safari. Nikagawanya: 90,000 kwa 300 ni shilingi 300 kwa kreti. Ningebeba 200 ingekuwa 450 kwa kreti. Nikajiona mjanja, nimeokoa 150 kila kreti.

Tulipotoka lami na kuingia barabara ya vumbi, tairi la nyuma la ndani likapasuka. Lile la nje likabaki linabeba mzigo wa mawili, nalo halikufika mbali. Gari ikalala upande, kamba zikalegea, na safu za juu zikamwagika. Tulipohesabu, kreti 41 zilikuwa zimeharibika, soda imemwagika, chupa zimevunjika. Na unajua chupa na kreti za soda si zako, ni za kurudisha. Kwa hiyo nililipia soda, nikalipia na chupa, nikalipia na kreti. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, maana utingo alikuwa amekaa juu ya huo mzigo.

Dereva hakunidanganya. Niliuliza "inaingia ngapi", akanijibu zinazoingia. Sikuuliza "inabeba ngapi". Hayo ni maswali mawili tofauti, na makala yote ya leo ni tofauti ya hayo mawili.

KUINGIA NI KITU KIMOJA, KUBEBA NI KINGINE

Kila gari ina vikomo viwili. Cha kwanza ni nafasi, yaani bodi ina urefu, upana na kimo, ikijaa imejaa. Cha pili ni uzito, yaani kilo ambazo springi, matairi na breki zinaweza kuhimili. Mzigo wako utagonga kimojawapo kwanza. Kazi yako ni kujua utagonga kipi, kabla makuli hawajaanza kupakia.

Ubaya ni kwamba nafasi unaiona kwa macho, uzito huuoni. Bodi ikiwa nusu tupu, akili inakuambia ongeza. Ndiyo maana watu wengi wanaharibikiwa na mizigo mizito midogo kama soda, sukari, saruji na mchele, na siyo na mkaa.

Twende na Kenta ile ile. Baada ya hasara nilirudi kwa yule kaka na tepu nikapima bodi kwa ndani: urefu mita 4.2, upana mita 1.9, kimo cha bodi mita 1.8. Kisha nikamwomba kadi ya gari. Kwenye kadi kuna uzito wa gari tupu na uzito wa mwisho gari ikiwa na mzigo. Yake ilisoma 3,100 tupu na 7,500 ikiwa imejaa. Ukitoa unapata 4,400. Lakini subiri, usichukue hiyo 4,400 moja kwa moja. Gari nyingi zinakuja kutoka nje na bodi fupi, halafu mafundi wetu wanaongezea mabomba na mabati ili bodi iwe ndefu juu. Chuma hicho kina uzito na hakipo kwenye kadi. Kwa ile Kenta tulikadiria kilo 250. Dereva na utingo wao wawili ni kama 150. Kwa hiyo inabaki kilo 4,000 za mzigo. Hiyo ndiyo namba yetu.

Sasa kreti. Niliweka kreti moja ya soda iliyojaa kwenye mzani wa dukani, kreti ya chupa 24 za mililita 350: kilo 20. Nikaipima kwa tepu: urefu sentimita 43, upana 30, kimo 27.

Tuanze na nafasi. Ukilaza urefu wa kreti kufuata urefu wa bodi, zinaingia 9 kwa urefu na 6 kwa upana, jumla 54 kwa safu moja. Ukizigeuza, zinaingia 14 kwa urefu na 4 kwa upana, jumla 56. Hivyo kuzigeuza tu umepata mbili zaidi kila safu. Kwa kwenda juu, mita 1.8 inachukua safu 6, ya saba inapita bodi. Kwa hiyo 56 mara 6 ni kreti 336. Yule kaka alikuwa sahihi kabisa, nafasi ilibaki.

Sasa uzito. Kilo 4,000 gawanya kwa 20 ni kreti 200. Basi. Hizo ni safu tatu kamili, halafu kreti 32 kwenye safu ya nne. Ukisimama pembeni unaona juu ya bodi bado kuna nafasi nyingi wazi, ila gari imeshajaa.

Mimi nilipakia 300. Mara 20 ni kilo 6,000. Nilizidisha tani mbili nzima, nusu ya uwezo wa gari. Tairi lilikuwa na haki ya kupasuka.

MBINU YA NDOO

Hiyo hesabu ya kreti ni rahisi kwa sababu kreti zote zinafanana. Ila mahindi, mpunga, dagaa, mkaa, kila kitu kina gunia lake. Hapa ndipo natumia ndoo ya lita 20, na ukiielewa hii hutamuuliza dereva tena.

Kwanza sawazisha ndoo yako, maana ndoo nyingi za lita 20 ukijaza hadi mdomoni zinapita lita 20. Weka ndoo tupu kwenye mzani, kumbuka uzito wake, halafu mimina maji mpaka yaongezeke kilo 20 kamili. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo ndipo lita 20 zinapoishia. Chora alama kwa kalamu ya rangi. Hiyo ndoo itunze.

Pili, jua bodi inachukua ndoo ngapi. Zidisha urefu, upana na kimo cha bodi kwa mita, halafu zidisha kwa 50, kwa sababu mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na hizo ni ndoo 50 za lita 20. Kenta yetu: 4.2 mara 1.9 mara 1.8 ni kama 14.36. Mara 50 ni ndoo 718.

Tatu, gawanya uwezo wa gari kwa idadi ya ndoo. Kilo 4,000 gawanya kwa 718 ni kilo 5.6. Iandike hiyo namba mahali. Hiyo ndiyo namba ya gari.

Maana yake ni hivi. Jaza mzigo wako kwenye ndoo hadi kwenye alama, upime, toa uzito wa ndoo. Ukipata zaidi ya kilo 5.6, mzigo wako utamaliza uzito kabla ya nafasi: hesabu kwa kilo, na ukubali bodi kubaki wazi. Ukipata chini ya 5.6, nafasi itaisha kwanza: hesabu kwa gunia zinazoenea, uzito hautakusumbua.

Kwa mzani wangu mimi, mchele unacheza kilo 16 kwa ndoo, mahindi makavu 15, mpunga kama 11. Zote ziko juu sana ya 5.6. Dagaa wakavu wa ziwani nilipata 4.6, na mkaa unacheza humo humo kwenye 4 na nusu kutegemea na mti. Hizo ziko chini. Usichukue namba zangu kama Biblia, pima za kwako siku ile ile ya safari, maana mkaa ulionyeshewa na mpunga ambao haujakauka vizuri vina kilo nyingine kabisa.

Kumbuka pia namba ya gari si moja kwa magari yote. Bodi ikiongezwa kimo, ndoo zinaongezeka lakini kilo haziongezeki, kwa hiyo namba inashuka. Fundi anayekuongezea bodi amekuongezea nafasi ya kukosea. Hajakuongezea tani hata moja.

NA GUNIA JE?

Gunia linadanganya kuliko kreti, kwa sababu watu wanahesabu gunia kama vile gunia ni kipimo. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kuhusu lumbesa kila msimu. Wengi tunadhani hiyo ni shida ya mkulima kuibiwa tu. Ni shida ya gari pia. Gunia 40 za kilo 100 ni kilo 4,000, Kenta imetimia. Gunia 40 za lumbesa zenye kilo 130 ni kilo 5,200. Umemwambia dereva "gunia arobaini", yeye kajua tani nne, wewe umempa tani tano na zaidi. Kwa hiyo mkiandikiana, andikeni kilo. Pima gunia tano kati ya hizo, chukua wastani, zidisha.

DAGAA NA CHUMVI: HAPA NDIPO KUNA HELA

Mpaka hapa nimeongelea kukwepa hasara. Sasa nikuonyeshe faida iko wapi.

Tuseme unatoa dagaa Mwaloni pale Kirumba unapeleka Kahama, na gari imekodiwa shilingi 400,000. Magunia niliyopima mimi yalikuwa na kilo 55 kila moja. Kwa nafasi, gunia la namna hiyo lina kama ndoo 12, yaani lita 240. Ukigawanya bodi yote kwa hiyo unapata karibu 60, lakini gunia ni la mviringo na siyo boksi, linaacha mapengo pembeni na kwenye kona. Kwa gunia nimezoea kupunguza kama sehemu moja kati ya sita au saba. Kwa hiyo zinaenea 50 hivi, na huo ndio ukweli wa makuli pia.

Gunia 50 mara kilo 55 ni kilo 2,750. Bodi imejaa mpaka juu, turubai limefungwa, lakini gari ina uwezo wa kilo 1,250 ambazo umelipia na hazibebi chochote. Unasafirisha hewa. Kila gunia la dagaa limekugharimu nauli ya shilingi 8,000.

Sasa kuna mwenzako anapeleka chumvi Kahama hiyo hiyo, mifuko ya kilo 50. Chumvi ni nzito, kwake uzito ndio unaisha kwanza. Akikodi Kenta peke yake anabeba mifuko 80 tu, na bodi inabaki wazi karibu robo tatu. Yeye naye anasafirisha hewa, ila hewa yake iko juu ya mzigo. Nauli yake ni shilingi 5,000 kwa mfuko.

Mkikaa pamoja mambo yanabadilika. Mfuko mmoja wa chumvi ukiulaza vizuri unakula nafasi ndogo, kama lita 45 pamoja na mapengo. Gunia la dagaa pamoja na mapengo yake ni kama lita 287. Nilikaa na karatasi nikajaribu namba mbalimbali, mpaka nikapata hii: dagaa gunia 45 na chumvi mifuko 30.

Uzito: 45 mara 55 ni 2,475, na 30 mara 50 ni 1,500. Jumla kilo 3,975. Iko ndani ya 4,000.

Nafasi: 45 mara 287 ni lita 12,915, na 30 mara 45 ni lita 1,350. Jumla 14,265. Bodi ni lita 14,364. Imeenea, kwa kubana.

Angalia hapo. Tumetoa gunia tano tu za dagaa, tukaingiza tani moja na nusu ya chumvi. Gari imejaa kwa macho na imejaa kwa mzani, zote kwa pamoja. Hakuna hewa.

Tahadhari moja kwenye kuchanganya: angalia na harufu. Sukari, mchele na unga usilaze na dagaa, utarudishiwa mzigo. Sabuni nayo itawaharibu dagaa. Chumvi nimeichagua kwa sababu iko kwenye mifuko ya plastiki na haijali harufu sana. Inakaa chini kabisa, juu yake turubai kavu, halafu dagaa. Usiweke chumvi juu ya dagaa, itawasaga.

NANI ALIPE NGAPI?

Hapa ndipo urafiki unapovunjika, kwa hiyo soma taratibu. Mwenye dagaa atasema tugawane kwa kilo, maana kwa kilo yeye ana sehemu ndogo kuliko nafasi aliyokula. Mwenye chumvi atasema tugawane kwa nafasi, maana kwa nafasi yeye hana kitu. Wote wana hoja na wote wanajipendelea.

Njia ninayoitumia mimi ni kumtoza kila mtu kwa kikomo anachokimaliza zaidi. Dagaa wamekula asilimia 90 ya nafasi na asilimia 62 ya uzito, kwa hiyo nachukua kubwa, 90. Chumvi imekula asilimia 9 ya nafasi na asilimia 37.5 ya uzito, nachukua kubwa, 37.5. Nikijumlisha 90 na 37.5 napata 127.5. Sasa kila mtu analipa sehemu yake kati ya 127.5.

Dagaa: 90 gawanya kwa 127.5, mara 400,000, ni kama shilingi 282,000. Chumvi: inayobaki, kama 118,000.

Sasa angalia kama kuna aliyeonewa. Mwenye dagaa, 282,000 kwa gunia 45 ni kama 6,270 kwa gunia. Peke yake alikuwa analipa 8,000. Mwenye chumvi, 118,000 kwa mifuko 30 ni kama 3,930. Peke yake alikuwa analipa 5,000. Wote wameshuka kwa zaidi ya shilingi ishirini kwenye kila mia. Na mwenye gari kapata 400,000 yake ile ile, na springi zake zimepona.

Ndiyo maana siku hizi nikiwa na mzigo mzito sitafuti mwenzangu mwenye mzigo mzito kama wangu. Wawili wenye soda hawasaidiani chochote kwenye gari moja, wanagombania kilo zile zile. Namtafuta mwenye dagaa, mwenye mkaa, mwenye magodoro, mwenye ndoo na mabeseni ya plastiki.

KRETI TUPU ZINAZORUDI

Kuna kitu kilinishangaza nilipopima. Soda iliyomo kwenye kreti, chupa 24 za mililita 350, ni kilo 8 na kidogo. Kwa hiyo kreti yenye chupa tupu ni kama kilo 11.6. Bado zaidi ya nusu ya uzito ni chupa na plastiki.

Sasa kwa nafasi zilienea 336. Zikiwa tupu, 336 mara 11.6 ni kama kilo 3,900. Ona ilivyokaa: kreti tupu zinajaza bodi na zinafika karibu kabisa na tani nne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo gari ile ile inapeleka 200 zilizojaa na inaweza kurudisha 336 tupu. Kama una duka kijijini, usirudishe tupu kila safari. Zikusanye, kila safari mbili zilizoenda urudishe kwa safari moja na kitu, na ile safari nyingine ya kurudi mpe mtu wa mahindi alipie.

Ila usije ukadanganyika na neno "tupu". Nimeona watu wanapandisha kreti tupu safu saba na nane juu ya bodi wakidhani ni nyepesi. Siyo nyepesi. Umezidisha uzito, na umeuweka juu, mahali ambapo kona moja tu inaweza kuuangusha.

MZIGO UKAE WAPI

Kwa wale mnaopanda daraja na kuanza kukodi Fuso, kuna kikomo cha tatu: cha barabara. Tanzania tunatumia sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ilianza kutumika kwetu Machi 2019, na TANROADS ndio wenye mizani. Ekseli ya mbele ya usukani mwisho tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne mwisho tani 10. Kwa hiyo gari ya ekseli mbili mwisho wake ni tani 18, gari pamoja na mzigo.

Kwa Kenta sheria hiyo ya ekseli haikusaidii kitu. Kenta yangu ya kreti 300 ilikuwa na jumla ya tani 9 na kitu, mbali kabisa na 18. Barabara ingeruhusu, gari yenyewe ndiyo ilikataa. Usije ukasema "mizani wamenipitisha, basi niko salama". Kwenye gari ndogo kadi na matairi vinaishia mapema kuliko sheria ya barabara. Hata tairi lenyewe limeandikwa ubavuni MAX LOAD, na kilo zake hapo hapo. Ukizidisha kwa idadi ya matairi ya nyuma unaona ukweli wako.

Kwenye Fuso ni kinyume: jumla inaweza kuwa sawa na bado ukakwama. Chukua mfano wa gari ya ekseli mbili ambayo ikiwa tupu mbele kuna tani 3.4 na nyuma 2.6. Weka tani 9 zilizosambaa vizuri bodi nzima, tuseme robo tatu ya mzigo inaegemea nyuma: nyuma inakuwa 2.6 na 6.75, yaani tani 9.35. Umepita. Sasa tani 9 hizo hizo, lakini umeweka saruji yote mkiani ili kuishusha kwanza, na asilimia 90 ya uzito imeegemea nyuma: 2.6 na 8.1 ni tani 10.7. Umezidisha ekseli, wakati jumla ya gari ni tani 15 tu. Utaambiwa upange upya au ushushe, na makuli wa pale barabarani hawana bei ya kirafiki.

Kwa hiyo mzito weka mbele na katikati, chini. Mwepesi weka juu na nyuma. Hata kwa Kenta. Na dereva anaweza kukuambia bila mizani: usukani ukiwa mwepesi ghafla, mbele imenyanyuka, mzigo umekaa nyuma mno. Na kabla ya kuondoka zunguka nyuma uangalie matairi ya pacha. Yakigusana au yakivimba chini, ujue umezidisha. Angalia na springi, zikiwa zimenyooka kabisa au zimepinda kinyume, shusha. Usibishane nazo.

Mimi na yule kaka bado tunafanya kazi. Siku hizi nikimpigia ananiuliza yeye, "Dogo, leo ni kilo ngapi?" Kabandika ndani ya mlango wa gari karatasi yenye namba tatu: 4,000, 718 na 5.6. Wewe nenda kapime gari unayoikodi kila siku, halafu andika hapo chini kwenye maoni namba yake ni ngapi na unabeba nini. Kama una mzigo mwepesi wa kwenda Kahama au Misungwi wiki ijayo, andika pia. Mimi nina soda.